Fuata chane moja: kisa cha picha ya mtoto wa Rufiji kwenye grupu la ukoo

Picha ilifika kwenye grupu letu la ukoo usiku wa Jumatano, masika ya mwaka 2025. Aliyeituma ni mjomba wangu mkubwa, ambaye naye alitumiwa na mwenzake wa kazini. Mtoto wa kiume wa miaka minne hivi amekaa ndani ya mashua katikati ya maji ya rangi ya udongo, amemkumbatia mwanambuzi. Amekalia kipande cha mkeka wa rangi. Chozi limesimama kwenye kila shavu. Nyuma yake yuko mwokoaji mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, maji yamemfika kiunoni, na mbali zaidi yanaonekana mapaa ya nyumba na safu ya milima. Chini yake kumeandikwa: "Rufiji. Amepoteza wazazi wote wawili. Usipite bila kusema Amina."

Asubuhi Amina zilikuwa zimepita thelathini. Bibi yangu mzaa mama, mwenye miaka 78, hakuandika Amina. Alinitumia mimi peke yangu ujumbe wa sauti: "Mjukuu wangu, wewe ndiye unayejua mambo ya mitandao. Nitafutie huyo mtoto yuko wapi. Aletwe hapa Mbagala, nitamlea mwenyewe."

Hakuwa anasema tu. Bibi ni mtu wa Muhoro, Rufiji. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, watu wa bondeni walipohamishiwa sehemu za juu, yeye alikuwa msichana wa miaka 21 na aliondoka na godoro kichwani. Mwezi Aprili 2024, Rufiji na Kibiti zilipozama tena, alikaa siku nne bila kumpata kwenye simu mama mdogo, ambaye bado analima huko. Siku ile ya tarehe 25 Aprili, Waziri Mkuu Majaliwa alipolieleza Bunge kwamba mvua zimeshaua watu 155 nchini, bibi alizima redio akaenda kuswali. Kwa hiyo mtoto wa kwenye picha kwake hakuwa picha. Alikuwa mtoto wa jirani.

Nakieleza kisa hiki kwa sababu wengi wetu tuna bibi wa namna hii, na wengi tunakosea tunapomjibu. Mimi mwenyewe nilikosea mara moja kabla ya kupatia, na baada ya kupatia nikakosea tena.

Sikuanza kwa kushuku. Nilianza kwa kumtafuta mtoto kama nilivyoagizwa, na nadhani hiyo ndiyo njia iliyonisaidia kuliko zote. Ukianza na swali "hii ni feki?" utabaki unakodolea picha. Ukianza na "mtoto huyu yuko wapi?" lazima uulize ni kijiji gani, siku gani, nani aliyekuwa na kamera, na nani aliyempokea mtoto mashua ilipofika nchi kavu.

Nilimpigia mama mdogo kwanza. Akasema mto umejaa lakini haujatoka, na hajasikia msiba wowote wa hivyo Muhoro wala Ikwiriri. Hiyo peke yake haikutosha, maana Rufiji ni kubwa na picha ingeweza kuwa ya mwaka uliopita. Nikaiingiza picha kwenye Google Lens, inayotafuta mtandaoni picha zinazofanana. Kama ingekuwa picha ya mwandishi wa habari, au hata ya mwananchi iliyovuma hivyo, ningetarajia kuiona kwenye gazeti, kwenye kituo cha televisheni, au kwa mtu anayesema "hii nilipiga mimi." Hakuna aliyejitokeza. Kilichotokea ni nakala kadhaa kwenye kurasa za Facebook, zote zikiwa na ombi la Amina, na moja kati yake haikufanana na yetu. Kwenye hiyo mtoto ni yuleyule, sura ileile na chozi lilelile, lakini shati ni la kijani badala ya njano, na mikononi ana mtoto wa mbwa. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza na yaliitaja nchi nyingine kabisa.

Hapo ndipo shaka iliponiingia kwa uzito. Mpiga picha akipiga picha kumi za mtoto mmoja, mkono utasogea, kichwa kitageuka, maji yatabadilika. Haiwezekani uso ubaki vilevile, chozi libaki palepale, halafu shati libadilike rangi na mbuzi ageuke mbwa. Mambo kama haya yalionekana Marekani baada ya kimbunga Helene cha mwaka 2024: picha ya msichana mdogo ndani ya boti akilia na kukumbatia mtoto wa mbwa ilisambazwa na maelfu ya watu, wanasiasa wakiwemo, ikabainika imetengenezwa kwa akili mnemba. Moja ya mambo yaliyoiumbua ni kwamba ilikuwepo katika matoleo mawili yasiyolingana.

Kisha nikaitazama picha yenyewe, nikianzia pembeni na kuuacha uso. Uso ndio unaotukamata, na ndio sehemu ambayo mashine hizi huifanya vizuri sana. Makosa mengi hubaki kule ambako jicho halikai. Kizibao cha mwokoaji kilikuwa na maandishi kifuani; kwa mbali ungesema ni ZIMAMOTO, lakini ukivuta kwa vidole viwili unaona maumbo yanayofanana na herufi bila kuwa herufi. Shati lake lilikuwa kavu hadi kwenye mstari wa maji, bila hata doa la tope. Na mkeka ulikuwa na tatizo kwenye chane zake, yaani vile vipande vyembamba vya majani vinavyosukwa, nitakalolieleza baadaye.

Yapo pia niliyoyaona nikayaacha. Mashua ilikuwa ya mbao, si mtumbwi wa gogo wa kule kwetu, lakini waokoaji mwaka 2024 walikuja na boti za kila aina, basi hilo si ushahidi. Vidole vya mtoto vilikuwa vitano kila mkono. Watu wengi bado wanahesabu vidole, na mwaka 2023 ilisaidia: baada ya tetemeko la Uturuki ilizunguka picha ya mwokoaji wa Ugiriki aliyembeba mtoto, na mkono wake ulikuwa na vidole sita. Lakini mashine zimejifunza tangu hapo. Vidole sita vinakuambia kitu. Vidole vitano havikuambii chochote. Sikutafuta pia taarifa zinazofichwa ndani ya faili, yaani saa na aina ya kamera, kwa sababu WhatsApp huziondoa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Kutokuwepo kwake hakumaanishi udanganyifu.

Kwa hiyo nilikuwa na matoleo mawili ya mtoto mmoja, herufi zisizosomeka, shati kavu, mkeka mbovu, na mama mdogo asiyejua habari. Sikuwa na aliyeitengeneza, wala sikumsikia akikiri. Ndiyo maana neno sahihi lilikuwa "pengine", na nilipania lisinidondoke.

Jibu langu la kwanza, ambalo namshukuru Mungu sikulituma, lilikuwa hivi: "Bibi hiyo picha ni feki, imetengenezwa na AI. Angalia maandishi ya kizibao, angalia shati, angalia milima. Usiamini kila kitu cha WhatsApp." Nililisoma mara mbili nikaona nilichokiandika. Bibi hajui AI ni kitu gani. Maneno "usiamini kila kitu" yanamwambia kwamba tatizo ni yeye. Zaidi ya yote, aliniomba mtoto, nami nikawa namjibu kuhusu picha. Binamu yangu alitaka niandike hivyohivyo kwenye grupu ili mjomba akome. Nilikataa. Mjomba ni mtoto wa bibi. Ukimvua nguo mbele ya watu arobaini, bibi atasimama upande wa mwanawe, na hapo picha itakuwa kweli milele.

Nikamwandikia bibi faraghani, na ujumbe uleule nikausoma kwa sauti na kumtumia, kwa kuwa miwani yake haimtoshi usiku. Huu hapa:

"Shikamoo bibi. Nimeupata ujumbe wako, na nimemtafuta yule mtoto tangu asubuhi. Sijampata. Nitakueleza nilivyomtafuta, kisha nitakuomba unisaidie kitu ambacho wewe unakiweza na mimi sikiwezi.

Nimempigia mama mdogo. Anakusalimu, hajambo, na mto haujatoka. Hajasikia habari ya mtoto huyo. Nimetafuta kwenye magazeti, hakuna. Ila nimeikuta picha nyingine, na hiyo nakutumia hapa chini. Mtazame: ni yeye, na chozi liko palepale. Lakini shati ni la kijani, na yule mwanambuzi amekuwa mbwa. Na wenye picha hiyo wanasema ni mtoto wa nchi nyingine.

Bibi, siku hizi kuna programu za kompyuta ambazo ukiziandikia 'mtoto analia kwenye mafuriko, amekumbatia mbuzi', zinakuchorea picha inayofanana na ya kamera. Hakuna mtoto aliyekaa mbele ya mtu. Programu hiyo imeonyeshwa mamilioni ya picha za watu, za maji, za mashua, ikajua kwa jumla vinavyofanana. Haijui Rufiji. Ni kama mtu ambaye hajawahi kusuka mkeka ila ameiona mingi sana. Akiambiwa auchore, ataupatia ukiutazama kwa mbali.

Sasa ndilo ombi langu. Fungua ile picha ya mjomba, weka vidole viwili juu ya mkeka aliokalia mtoto, uvute uwe mkubwa. Tafuta chane moja nyekundu, uifuate kwa jicho kama unavyoufuata ukili ukiwa mikononi mwako. Niambie inaingia wapi na inatokea wapi. Mimi nimejaribu nikapotea, lakini mimi si msusi. Kisha tazama ile milima ya nyuma uniambie ni milima gani ya Rufiji. Mimi naona inafanana na Uluguru ninayoiona hapa Morogoro dirishani.

Tena huyo mtoto ana ngozi laini mno kama nta, nayo ni dalili.

Bibi, sisemi nina hakika. Nasema pengine mtoto huyu hayupo, na sababu ndizo hizo. Kama yupo na nikapata hata jina la kijiji, nitakwenda mwenyewe kumuulizia. Mjomba hana kosa, naye alitumiwa. Sijamwambia mtu yeyote kwenye grupu, nimekuja kwako kwanza."

Nimeulizwa kwa nini mkeka, wakati maandishi ya kizibao ni ushahidi ulio wazi zaidi. Kwangu mimi ni wazi. Kwa bibi, ambaye macho yake hayasomi herufi ndogo, maandishi yaliyovurugika na maandishi asiyoyaona ni kitu kimoja. Lakini amesuka mikeka tangu utotoni. Anajua kwamba chane huingia chini ya mwenzake, hupanda juu, hufika ukingoni ikakunjwa na kurudi, na kwamba urembo wa rangi si mchoro uliopakwa juu bali ni hesabu ya chane zilizotiwa rangi kabla ya kusukwa. Mashine huchora mwonekano wa usukaji bila kusuka. Haihesabu. Ndiyo maana vitu vyenye mpangilio unaojirudia, kama mkeka, uzio wa waya, vigae au kitenge, ni mahali pazuri pa kuchunguza: kila kipande peke yake kinaonekana sawa, ila havishikani.

Alijibu baada ya saa mbili. "Nimeifuata," alisema. "Inaingia chini haitoki. Nyingine nyekundu inaanzia katikati, haina ilikotoka. Na ukili wa juu una urembo wa namna moja, ukifika chini ya goti la mtoto unakuwa namna nyingine. Huo mkeka haukusukwa na mtu. Ungekatika siku ileile." Akanyamaza kidogo. "Na ile milima si kwetu. Vilima vya Matumbi haviko hivyo, wala bondeni huvioni vikubwa namna ile."

Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. "Basi nilimwombea nani tangu jana?"

Nilimjibu ukweli nilioujua: kwamba mwaka 2024 walikuwepo watoto wa kweli waliopoteza nyumba Muhoro, na mama mdogo anawajua kwa majina. Sikutaka kuipamba zaidi ya hapo. Bibi alimpigia mama mdogo jioni hiyo, wakaongea muda mrefu, na waliyoyaongea ni yao.

Aliniuliza pia anayetengeneza vitu hivi anapata nini. Nilimweleza kwamba wengi hutafuta idadi: kila Amina huufanya ukurasa uonekane kwa watu wengi zaidi, na ukurasa wenye wafuasi wengi unaweza kulipwa, kuuzwa, au kugeuzwa baadaye kuwa duka au mtego wa fedha. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Georgetown walichunguza kurasa zaidi ya 100 za Facebook, kila moja ikiwa imeweka picha zisizopungua 50 za namna hii, na baadhi zilikuwa za ulaghai. Bibi alisema, "Kwa hiyo Amina yangu ingekuwa mtaji wa mtu." Hakuwa ameiandika.

Mjomba alielezwa na bibi, si na mimi. Aliifuta picha usiku huo, akaandika kwamba ameambiwa na mama yake haina uhakika. Hakuna aliyebishana, kwa sababu nani atabishana na bibi kuhusu mkeka.

Sasa kosa langu la pili. Utaona katika ujumbe ule nilichomeka sentensi moja kuhusu ngozi laini kama nta. Niliiandika kwa haraka, kwa kuwa kila mtu huisema. Ni dalili dhaifu. Simu nyingi za siku hizi zina kamera inayolainisha uso yenyewe bila kuombwa, na WhatsApp ikiibana picha, vinyweleo na makunyanzi hupotea zaidi. Lakini kati ya yote niliyomweleza bibi, hilo ndilo rahisi kulikumbuka, maana halihitaji mkeka wala toleo la pili.

Wiki mbili baadaye maji yalianza kupanda kidogo, na mama mdogo akatuma kwenye grupu picha yake mwenyewe akiwa shambani kwenye mpunga, dungu la kulindia ndege likionekana nyuma yake, maji yamefika magotini. Amina zilikuja. Bibi hakujibu. Siku ya pili mama mdogo akanipigia, sauti imevunjika, akauliza kama amemkosea mama yake. Nikampigia bibi. "Hiyo nayo ni ya kompyuta," akasema kwa utulivu wa mtu aliyehitimu. "Mwanangu ana miaka 52. Mbona hana kunyanzi hata moja?"

Nilimwambia kwamba nilimfundisha vibaya. Kwamba uso ni wa mwisho kutazamwa, na kabla ya picha yenyewe kuna swali: je, yupo mtu ninayeweza kumpigia aliyekuwa pale? Kwa yule mtoto hatukumpata mtu huyo. Kwa hii tunaye, na namba yake iko kwenye simu ya bibi tangu siku simu hiyo iliponunuliwa.

Alipiga simu ya video. Mimi sikuwepo, nimesimuliwa na mke wa kaka yangu aliyekuwa ameishika simu. Mama mdogo aligeuza kamera akamwonyesha shamba, kisha mtumbwi uliofungwa, kisha dungu. Bibi akamwambia asogee. Akahesabu nguzo kwa sauti, moja hadi nne, akarudi kwenye ya tatu.

"Hiyo imelala," akasema. "Mwambie mumeo aikaze leo, kabla maji hayajapanda zaidi."